Maelezo ya nia ndani ya barua pepe: kisa cha maombi kutoka Songosongo

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Shirika moja la kimataifa lilitaka msaidizi wa takwimu za uvuvi, kituo cha kazi Mtwara mjini, mkataba wa mwaka mmoja. Wasifu usizidi kurasa mbili, uwe PDF, na ndio uwe kiambatisho pekee. Maelezo ya nia, yale ambayo vijana wengi huyaita motivesheni, yasizidi maneno 400, yaandikwe kwa Kiingereza na yabandikwe ndani ya barua pepe yenyewe. Mstari wa mada uwe na namba ya tangazo na jina la ukoo la mwombaji. Mwisho wa kupokea ni tarehe 30 Septemba, saa 17:00 kwa saa za Jeneva.

Mwombaji alikuwa binti wa kisiwa cha Songosongo, wilaya ya Kilwa. Ana stashahada ya uvuvi ya FETA Mbegani, na kwa miezi 14 alikuwa akijitolea kuandika takwimu za samaki kwa ajili ya BMU ya kijijini, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za bahari kwa niaba ya jamii. Kwa sifa, nafasi ilikuwa yake kabisa kuigombea. Rasimu aliyokuja nayo kwenye steshenari ya Kilwa Masoko ndiyo iliyokuwa na shida, na shida zake ndizo sisi tunaosaidia waombaji tunazokutana nazo karibu kila mara kwenye maombi ya namna hii.

Alikuwa ameandika barua ya Word ya kurasa moja na nusu, akaipa jina la faili linaloishia na neno “mwisho” mara mbili, kama tufanyavyo wengi tukirekebisha kitu usiku. Kwenye barua pepe yenyewe aliandika mistari mitatu tu: salamu, kwamba anaomba kazi iliyotangazwa, na kwamba nyaraka zote zimeambatishwa. Viambatisho vilikuwa vinne: barua, wasifu, vyeti vilivyoskaniwa, na kitambulisho cha NIDA. Alipouliza habari ya kubandika, mwenye steshenari alimjibu kwa nia njema, “Dada, weka faili tu, watafungua wenyewe.”

Hapo ndipo maombi mengi hufia. Kwa kawaida mtu wa kwanza kugusa maombi hayo ni karani wa rasilimali watu, tena ana kikasha kimoja cha barua chenye maombi ya nafasi kadhaa kwa wakati mmoja. Akifungua barua pepe, anataka asome palepale. Maelezo yaliyo ndani ya barua anaweza kuyatafuta kwa neno, kuyanakili kwenye jedwali la kulinganisha waombaji, na kuyapeleka kwa mkuu wa kitengo bila kufungua faili lolote. Faili la Word kutoka kwa mtu asiyejulikana linaweza kubeba virusi, na mashirika mengi yana kinga inayoyazuia au kuyachelewesha mafaili ya aina hiyo. Kwa hiyo sharti la kubandika halikuwekwa kwa urembo. Mwombaji aliyeandika mistari mitatu na kusema “tazama kiambatisho” anahesabiwa kuwa hakuleta maelezo ya nia, hata kama faili alilotuma limeandikwa vizuri kuliko yote. Na NIDA haikuombwa. Namba ya kitambulisho haina kazi yoyote kwenye hatua hii, na kuisambaza ni kujitafutia matatizo.

Tulipoamua barua ihamie ndani, yeye alitaka kuihamisha yote kama ilivyo. Hili linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu linatokana na kitu tulichofundishwa shuleni na kinachofaa sana mahali pake. Barua rasmi ya Kitanzania ina anuani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anuani ya mwandikiwa kushoto, kisha “Yah:” kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kisha “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Inafuata aya ya “Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25, sijaolewa,” na mwisho “Wako katika ujenzi wa taifa.” Ukiipeleka halmashauri, afisa utumishi anaitarajia hivyo hivyo. Ndani ya barua pepe ya shirika la kimataifa, karibu kila kipande cha muundo huo tayari kimeshafanyiwa kazi na kitu kingine. Anayetuma anaonekana kwenye mstari wa mtumaji, tarehe inajiandika yenyewe, na kazi ya “Yah:” inafanywa na mstari wa mada. Umri na ndoa havitakiwi. Mashirika mengi hayataki hata kuvijua, ili yasije yakadaiwa kubagua.

Tulihesabu. Rasimu ilikuwa na maneno 612. Anuani, tarehe, kichwa na salamu vilikula 58. Aya ya kujitambulisha ilikula 83. Aya mbili za kulisifu shirika, kwamba ni kongwe, linaheshimika duniani, na kulitumikia imekuwa ndoto yake tangu utotoni, zilikula 97. Jumla ni maneno 238 ambayo hayamwambii msomaji lolote kuhusu mwombaji huyu asiloweza kulisema mwombaji mwingine yeyote. Yalibaki 374. Ukiangalia tarakimu pekee unaweza kudhani kazi imekwisha, maana kikomo ni 400. Lakini sehemu kubwa ya hayo 374 ilikuwa wasifu ulioandikwa upya kwa sentensi: shule ya msingi, sekondari, Mbegani, mafunzo ya vitendo. Wasifu uko kwenye PDF. Kuurudia ni kumsomesha mtu kitu kimoja mara mbili.

Lulu ilikuwa chini kabisa, maneno 31, karibu na saini. Aliandika kwamba mwanzoni takwimu zake “zilikuwa na mapungufu kwa upande wa akina mama wa pweza” na kwamba baadaye “alirekebisha ratiba”. Tulimwomba aeleze maana yake, naye akaeleza kwa dakika kumi bila kupumua.

Alianza kwa kukaa dikoni siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akipima na kuandika kila chombo kinachoshusha. Mwezi wake wa tatu wa kuandika akagundua kwamba pweza kwenye daftari lake ni wachache mno ukilinganisha na pweza anaowaona wakisafirishwa kwenda Kilwa. Wanawake wanaochokoa pweza hawapandi chombo. Wanatembea juu ya mwamba maji yakitoka, wanachokoa mashimoni kwa kijiti au chuma, na wachuuzi wanawapokea ufukweni palepale, hawafiki dikoni. Tena hawaendi kwa siku za wiki. Wanakwenda na bamvua, siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi. Maji mafu yakiingia, hakuna anayechokoa. Kwa hiyo ratiba ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa ikikutana na wanawake hao kwa bahati tu. Aliiacha, akapanga siku za kuandika kwa kufuata mwezi, akabeba mizani hadi ufukweni, na akaanza kutenga kwenye daftari pweza walio chini ya nusu kilo, uzito ambao kanuni za uvuvi za Tanzania haziruhusu kuvuliwa. Miezi miwili ya mwanzo hakuweza kuiokoa. Aliiwekea alama kwenye daftari kwamba isitumike kwa hesabu za pweza.

Sasa rudi kwenye tangazo. Kati ya majukumu yaliyoorodheshwa, la tatu lilikuwa kukagua ubora wa takwimu zinazokusanywa na jamii. Mtu aliyegundua mwenyewe kwamba takwimu zake zina tundu, akajua tundu limetoka wapi, akaliziba, na akasema waziwazi kipande gani hakizibiki, ndiye wanayemtafuta. Na alikuwa amelificha jambo hilo kwenye maneno 31 baada ya ndoto za utotoni.

Maelezo mapya yalijengwa juu ya kisa hicho. Yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Hapa tunayaeleza kwa Kiswahili. Aya ya kwanza ilikuwa na maneno kama 60, ikitaja nafasi anayoomba na kuingia moja kwa moja: kwa miezi 14 nimepima na kuandika mavuno ya samaki kisiwani Songosongo kwa ajili ya kikundi cha wavuvi cha kijiji. Sentensi hii iliwekwa mwanzo kwa sababu maalumu. Programu nyingi za barua pepe huonyesha maneno machache ya kwanza pembeni ya mada hata kabla barua haijafunguliwa. Salamu iwe fupi, ili kinachoonekana pale kiwe kazi na si heshima.

Aya ya pili ndiyo ndefu, maneno 160 hivi, na yote ni pweza na bamvua. Hapa kulikuwa na kazi ya lugha. Msomaji aliyeko Jeneva hajui BMU ni nini wala bamvua. Kila neno la kwetu lilipewa maelezo mafupi mara ya kwanza tu, ndani ya sentensi ileile: bamvua ikawa “siku chache za kupwa kukubwa kila mwezi mwandamo na mwezi mpevu”. Uzito uliandikwa kwa gramu. Madaftari yalitajwa kwa idadi, sita, kwa sababu idadi ni kitu ambacho msomaji anaweza kuuliza kwenye usaili na akajibiwa.

Aya ya tatu, maneno 110, ilijibu swali la kwa nini shirika hili. Badala ya sifa, ilichukua lile jukumu la tatu la tangazo na kusema angefanya nini nalo: kulinganisha ratiba za uandishi za vijiji na kalenda ya maji, ili kuona ni wapi wachokoaji wa miguu wanakosekana. Nia inaonekana kwenye kitu unachotaka kukifanya. Aya ya mwisho ilikuwa ya mambo matupu: anaweza kuanza kazi lini, lugha anazozungumza, na kwamba yuko tayari kukaa Mtwara na kusafiri vijijini. Jumla ikawa maneno 381, salamu na jina vikiwemo. Tangazo likiwa halikusema kama salamu inahesabiwa, ihesabu.

Kisha ikaja kazi ya kubandika, ambayo watu huidharau kwa sababu inaonekana ni ya sekunde mbili. Jaribio la kwanza alinakili kutoka kwenye PDF aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu. PDF inakumbuka mwisho wa kila mstari wa ukurasa kana kwamba mtu alibonyeza kitufe cha kushuka. Ukibandika, mistari hiyo inakuja na makato yake, na kwenye kioo chembamba inakatika mara ya pili. Ndugu yake aliyetumiwa barua ya majaribio aliona hivi:

```
Kwa miezi 14 nimepima na kuandika
mavuno
ya samaki kisiwani Songosongo kwa
ajili
ya kikundi cha wavuvi
```

Jaribio la pili alinakili kutoka kwenye Word ya steshenari. Safari hii mistari ilikaa sawa, lakini mwandiko ukaja mchanganyiko: aya ya kwanza kubwa, ya pili ndogo na ya kijivu, nafasi kati ya mistari mara mbili, na alama za orodha zikageuka vidoti vilivyohama pembeni. Word haibandiki maneno peke yake. Inabandika na maagizo ya rangi, ukubwa na nafasi, ambayo humwoni mtu akiyaandika lakini yamo ndani ya barua. Maagizo hayo yana uzito pia. Gmail hukata barua yoyote inayozidi kama KB 102 na kumwachia msomaji kiungo cha kufungua sehemu iliyobaki. Maneno 381 peke yake hayafiki hata KB 3, lakini yakija na mizigo ya Word, hesabu inakuwa nyingine.

Dawa ni kubandika maandishi matupu. Kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+Shift+V` badala ya `Ctrl+V`. Au, kwa uhakika zaidi, bandika kwanza kwenye `Notepad`, ambayo haijui rangi wala ukubwa, kisha nakili upya kutoka hapo. Kwenye Gmail ya kompyuta kuna pia `Plain text mode`, ndani ya vidoti vitatu chini ya dirisha la kuandikia. Ukiiwasha, barua yote inakuwa tupu. Kwenye simu ya Android, gusa na ushikilie mahali pa kubandika, na ukiiona `Paste as plain text` chagua hiyo. Baada ya hapo, maneno uliyoyakoleza hayatakuwa mazito tena, na jedwali halitakuwa jedwali. Andika ukilijua hilo tangu mwanzo: acha mstari mmoja mtupu kati ya aya na aya, usitumie orodha, na usitegemee wino mzito kumwonyesha msomaji kilicho muhimu. Alama za kunukuu zilizopinda na vistari virefu ambavyo Word huviweka yenyewe wakati mwingine hutokea upande wa pili kama viulizo. Vibadilishe kwa mkono viwe alama za kawaida za kibodi. Ilimchukua dakika tano.

Jaribio la tatu lilitumwa kwa anuani mbili, yake ya zamani ya Yahoo na ya ndugu yake mwenye simu ndogo. Huko likaonekana jambo jingine ambalo yeye mwenyewe asingeliona: jina la mtumaji lilikuwa la utani alilofungulia akaunti akiwa kidato cha pili, na chini ya barua programu ya simu iliongeza mstari wa kutangaza aina ya simu. Jina lilibadilishwa kwenye akaunti lifanane na la kwenye cheti, na mstari ule ukazimwa kwenye mipangilio. Kutuma majaribio ni lazima. Dirisha unaloandikia halikuonyeshi kile atakachokiona msomaji, na anuani ya shirika isiandikwe kwenye sehemu ya mpokeaji hadi majaribio yaishe, kwa sababu kidole kinateleza.

Wasifu ulipunguzwa kuwa kurasa mbili, ukahifadhiwa kama PDF, na faili likapewa jina lake na namba ya tangazo. Vyeti vilibaki nyumbani. Mstari wa mada uliandikwa kama tangazo lilivyotaka, namba kwanza, bila kuongeza “MAOMBI YA KAZI” wala “HARAKA”. Pia tuliangalia anuani ya kupokelea kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si kwenye picha ya tangazo iliyokuwa ikizunguka WhatsApp. Umoja wa Mataifa na mashirika yake hawatozi ada katika hatua yoyote ya ajira, hivyo anuani inayokujibu kwa kutaka pesa ya usajili au ya vipimo vya afya ni ya matapeli.

Saa ilihitaji uangalifu wa pekee. Saa 17:00 ni saa kumi na moja jioni, lakini ya Jeneva. Mwezi Septemba Jeneva iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Tangu Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti inakuwa saa mbili. Kosa baya tunaloliona ni la mtu anayesoma 5 p.m. na akili yake ikasema saa tano usiku. Huyo anatuma akiwa na utulivu kabisa, saa tano baada ya mlango kufungwa. Na tangazo likitoka kwenye ofisi ya mashariki, kama Bangkok ambayo iko mbele yetu kwa saa nne, saa 17:00 ya kule ni saa saba mchana hapa kwetu.

Alituma siku mbili kabla, asubuhi, kwa simu, akiwa bado Kilwa Masoko kwenye mtandao mzuri. Barua ilikaa dakika kadhaa ikiandika `Queued`. Neno hilo maana yake barua bado iko kwenye simu, haijaondoka. Wapo waliofunga simu hapo wakaamini wametuma. Alisubiri hadi ikaingia kwenye `Sent`, akaifungua palepale, akahakikisha kiambatisho kinafunguka, ndipo akatoka kwenye akaunti yake iliyokuwa wazi kwenye kompyuta ya steshenari.

Jibu la mashine lilirudi siku ileile, kwamba maombi yamepokelewa na watakaochaguliwa tu ndio watakaopigiwa. Jibu hilo halitaki kujibiwa. Angekuwa amegundua kosa kubwa baada ya kutuma, tuseme wasifu wa mtu mwingine, angeituma barua nzima upya kabla ya muda kwisha, mada ileile, na mstari mmoja juu kabisa wa kusema kwamba hii inachukua nafasi ya ile ya kwanza. Si kutuma kipande kilichosahaulika peke yake, kwa kuwa karani hatakaa kuviunganisha. Kwa herufi moja iliyokosewa, angeiacha ilivyo.